Mkataba Unasema Miaka Mitatu, Kibali Kinasema Miwili

*Hotuba niliyoitoa jijini Dar es Salaam mbele ya waajiri, maofisa utumishi na wafanyakazi kutoka nje ya nchi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.*

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, waajiri, wenzangu wa siku nyingi katika mashauri, maofisa utumishi, na ninyi ndugu zetu mliotoka nje ya mipaka kuja kufanya kazi nasi: assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu asubuhi ya leo, tena na foleni ile ya Barabara ya Nyerere.

Niliombwa, kama wakili, nizungumzie vibali vya kazi. Lakini jinsi ya kuomba kibali mnaijua, na mkisahau kuna mfumo wa mtandao utakaowakumbusha kila kiambatisho. Mimi nataka nizungumzie jambo ambalo mfumo haumkumbushi mtu. Nataka nizungumzie siku ile kibali kinapokwisha ilhali mkataba bado una uhai. Nani anamdai nani siku hiyo? Nani anavunja sheria? Na kazi iliyofanyika baada ya siku hiyo, inalipwa au hailipwi?

Nitazungumzia Tanzania Bara tu. Masuala ya kazi si ya Muungano, na Zanzibar wana sheria yao na utaratibu wao.

Tuanze na karatasi zenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Mgeni anayefanya kazi Dar es Salaam anasimama juu ya karatasi tatu. Ya kwanza ni mkataba wa ajira, kati yake na mwajiri. Ya pili ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Ya tatu ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Uhamiaji. Kila moja ina mtoaji wake, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho.

Sheria inasema kibali cha kazi kinadumu miezi 24, kisha kinahuishwa. Sasa niambieni, ni wangapi humu ndani wana wafanyakazi wa kigeni wenye mikataba ya miaka mitatu? Naona mikono. Ni mingi. Basi kila mkono ulionyooshwa una miezi 12 ya mkataba ambayo hakuna kibali kinachoifunika. Mmeahidi kazi ambayo siku mnaiahidi hamkuwa na ruhusa ya kuitoa yote. Si kosa kufanya hivyo, maana kibali kinahuishika. Ila mmeahidi, na ahadi ina mwenyewe.

Niwasimulie kisa. Nimechanganya mambo ya mashauri kadhaa na kubadilisha tarehe na kazi za watu, ili asitambulike mtu wala kiwanda.

Kiwanda kimoja kilimleta fundi mkuu wa mitambo kutoka Asia. Mkataba wa miaka mitatu, kuanzia tarehe 1 Aprili 2022 hadi 31 Machi 2025, mshahara wa shilingi milioni 9 kwa mwezi. Kibali chake kilitoka tarehe 14 Machi 2022, akiwa bado kwao anafunga mizigo. Angalieni hapo. Miezi 24 ilianza kuhesabiwa kabla hajakanyaga Uwanja wa Julius Nyerere. Kibali kikawa kinaisha tarehe 13 Machi 2024, na mkataba umebakiwa na zaidi ya mwaka mzima.

Maombi ya kuhuisha yanatakiwa yawe yamefika angalau wiki sita kabla ya kibali kuisha. Hesabu wiki sita kurudi nyuma kutoka tarehe 13 Machi 2024, unapata tarehe 31 Januari. Ofisi ya utumishi ya kiwanda kile ilifungua jalada lake tarehe 4 Machi. Siku tisa kabla. Ofisa aliyekuwa anashughulikia vibali alikuwa ameacha kazi mwezi Desemba, na aliyempokea hakukabidhiwa orodha ya tarehe. Fundi mwenyewe alikuwa amekumbusha. Mwezi Januari aliandika ujumbe wa simu kwa meneja wake: “Bosi, kibali changu kinaisha Machi.” Akajibiwa: “Usiwe na wasiwasi, tunashughulikia.” Ule ujumbe mfupi, ndugu zangu, uukumbuke. Tutauhitaji.

Tarehe 13 Machi ikafika, ikapita. Tarehe 14 asubuhi fundi akaingia kazini kama kawaida, mlinzi akamfungulia geti, mitambo ikawashwa. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa sheria kila kitu kilibadilika. Kuanzia asubuhi ile, fundi alikuwa mgeni anayefanya kazi bila kibali, na mwajiri alikuwa mtu anayemwajiri mgeni asiye na kibali. Hayo ni makosa mawili ya jinai, kila mmoja na lake. Sheria ya 2015 haimshiki mgeni peke yake. Inamshika na aliyemwajiri, na adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi, au kifungo, au vyote viwili kwa pamoja.

Mwajiri mmoja aliwahi kuniuliza: “Wakili, lakini tumeshalipia. Risiti hii hapa.” Ndugu zangu, risiti si kibali! Namba ya malipo si kibali. Ukurasa wa mfumo unaoonyesha kwamba maombi yanashughulikiwa si kibali. Mkaguzi wa kazi akija getini haulizi kama umeomba. Anauliza kama umepewa. Na wala msidanganywe na mtu anayewaambia kwamba mgeni atoke hadi mpakani, arudi na viza ya biashara, aendelee na mashine zake. Viza ile ni ya mtu aliyekuja kwa shughuli fupi. Haiwezi kuziba pengo la ajira.

Turudi kwa fundi wetu. Akafanya kazi Machi yote iliyobaki, akafanya Aprili yote. Mshahara wa Machi ukalipwa, na kodi yake ikakatwa, na mchango wa NSSF ukapelekwa. Mshahara wa Aprili haukulipwa. Tarehe 2 Mei akaitwa, akaambiwa akae nyumbani mpaka kibali kitoke. Tarehe 20 Mei akapokea barua. Barua ilisema hivi, na nimeziona barua nyingi za namna hii: kwa kuwa kibali chako cha kazi kilikwisha tarehe 13 Machi, mkataba wako ulikufa wenyewe kwa nguvu ya sheria siku hiyo hiyo, na kampuni haina deni lolote kwako.

Tusimame hapa. Je, ni kweli mkataba unakufa wenyewe?

Mwajiri anayesema hivyo hajatunga. Ana kifungu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema mkataba ambao utekelezaji wake unakuwa haramu baada ya kufungwa, unabatilika. Kazi bila kibali ni haramu. Kibali kimekwisha. Kwa hiyo mkataba umebatilika. Hoja inaonekana imenyooka.

Lakini kisomeni kifungu chote. Kinazungumzia utekelezaji unaokuwa haramu kwa sababu ya tukio ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia. Hakuweza kulizuia! Sasa niulize: kibali cha yule fundi kuisha tarehe 13 Machi lilikuwa tukio ambalo mwajiri hakuweza kulizuia? Tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kibali tangu siku ya kwanza. Maombi yanapitia kwa mwajiri, kwa akaunti ya mwajiri, kwa nyaraka za mwajiri. Fundi hawezi kuingia kwenye mfumo akajiombea. Alichoweza kufanya ni kukumbusha, na alikumbusha mwezi Januari kwa ujumbe ule mfupi. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba aliyeahidi jambo ambalo alijua, au kwa uangalifu wa kawaida angejua, kwamba haliwezekani au ni haramu, na mwenzake hakujua, atamfidia mwenzake kwa hasara aliyopata.

Hapo ndipo shauri linapogeuka. Swali halibaki tena kuwa kibali kiliisha lini. Swali linakuwa: nani alikiacha kiishe? Na jibu la swali hilo halitoki midomoni mwa watu, linatoka kwenye karatasi. Ndiyo maana nawaambia wafanyakazi wa kigeni mliopo hapa, kukumbusha kwa mdomo kwenye korido ni sawa na kutokukumbusha. Andikeni. Barua pepe, ujumbe wa simu, chochote chenye tarehe. Na waajiri nawaambia vivyo hivyo: mlipomwomba pasipoti akachelewa, mwombeni kwa maandishi.

Sasa ule mshahara wa Aprili. Kazi ilifanyika, mitambo ilitengenezwa, bidhaa ziliuzwa. Mwajiri anasema kazi ile ilikuwa haramu, kwa hiyo hailipwi. Mimi nilisimama upande wa fundi kwa hoja ya kifungu cha 65 cha sheria ile ile: mkataba unapobatilika, aliyepokea faida chini yake anatakiwa airudishe au aifidie. Mwajiri alipokea mwezi mzima wa kazi ya fundi mkuu. Hawezi kuirudisha kazi, basi ailipie. Naiamini hoja hii, na naona ni ya haki. Lakini sitawaficha: upande wa pili una hoja nzito pia, kwamba Mahakama haimsaidii mtu anayeegemeza dai lake kwenye tendo haramu. Msimamizi wa shauri anaweza kwenda huku au kule, na wakili atakayewaahidi ushindi hapo hawatendei haki.

Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni mpaka wameshaingia ndani. Fundi yule alipojaza fomu ya CMA F1 kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, aliandika kwamba alifanya kazi hadi tarehe 30 Aprili. Kwa kuandika hivyo, ameandika kwa mkono wake kwamba alifanya kazi wiki saba bila kibali. Ndilo dai lake, na ndilo kosa lake. Mwajiri naye, katika barua yake ya tarehe 20 Mei, ameandika kwamba kibali kilikwisha tarehe 13 Machi. Wakati huo huo orodha yake ya mishahara inaonyesha amelipa mshahara wa mwezi mzima wa Machi, kodi imekwenda, NSSF imekwenda. Amejitolea ushahidi mwenyewe. Kila upande unashika karatasi inayomshtaki mwenzake na kumshtaki mwenyewe.

Ndiyo maana mashauri haya mengi yanaishia kwenye usuluhishi, na hayafiki mbali. Pande zote mbili zina sababu ya kutotaka jambo lao lisomwe kwa sauti.

Hesabu ya fundi ilikuwaje? Alidai mshahara wa Aprili, shilingi milioni 9. Alidai miezi 11 iliyobaki ya mkataba, Mei 2024 hadi Machi 2025, shilingi milioni 99. Alidai malipo badala ya notisi ya siku 28, likizo ambayo hakwenda, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika. Na hapo kwenye kiinua mgongo tulibishana karibu saa nzima. Kwa nini? Kwa sababu mwaka wake wa pili ulikamilika tarehe 31 Machi 2024. Ukisema ajira iliisha siku kibali kilipokwisha, tarehe 13 Machi, ana mwaka mmoja tu uliokamilika. Ukisema iliisha kwa barua ya Mei, ana miwili. Siku 18 zilibeba mwaka mzima.

Tena alidai nauli. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu waajiri wengi wanalisahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mfanyakazi akiachishwa mahali tofauti na alikoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake kumrudisha, au amlipie. Na kwa siku zote atakazokaa kati ya kuachishwa na kusafirishwa, mwajiri amlipe posho ya kujikimu kila siku. Kila siku! Yule fundi alikuwa na mke na watoto wawili, wanaoishi kwa hati za utegemezi zilizoning'inia kwenye kibali chake. Chake kilipokwisha, zao zilikosa pa kushika. Mtoto mkubwa alikuwa katikati ya muhula. Mwajiri alikaa wiki nne akitafakari, na kila siku ya zile wiki nne ilikuwa inaandikwa.

Mwisho walipatana. Aprili ililipwa yote, notisi ililipwa, likizo ililipwa, kiinua mgongo kwa miaka miwili, nauli za watu wanne na posho. Kwenye miezi 11 walikutana kwenye miezi mitano. Msichukue miezi mitano kuwa kanuni. Ni mapatano ya watu wawili waliochoka. Ila mwajiri yule alilipa shilingi milioni 45 kwa miezi ambayo hakufanyiwa kazi hata saa moja, kwa sababu jalada lilifunguliwa tarehe 4 Machi badala ya mwezi Januari.

Nije upande wa pili, maana si haki kumtwisha mwajiri kila kitu.

Kuna mwalimu wa hisabati, mgeni, shule ya binafsi hapa hapa jijini. Kibali chake kilikuwa kinaisha mwezi Agosti. Ofisa utumishi alimwandikia mwezi Aprili: lete pasipoti iliyohuishwa, lete leseni ya kufundishia. Pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi mitatu tu ya uhai. Hakuleta. Akamwandikia tena mwezi Mei. Hakuleta, akisema ubalozi wao una foleni. Mwezi Juni akapewa siku mbili za ruhusa yenye malipo kwenda kushughulikia. Akaenda kwenye mambo yake mengine. Agosti ikafika, hakuna maombi yaliyopelekwa kwa sababu hakukuwa na cha kupeleka.

Hapa nani alikiacha kibali kiishe? Hoja ya kifungu cha 56 sasa inamgeukia mwalimu. Dai lake la miezi iliyobaki ya mkataba linakosa miguu.

Lakini sikilizeni shule ilichofanya vizuri, kwa sababu hapo ndipo wengi wanajikwaa hata wakiwa na haki. Haikukaa ikasema mkataba umekufa. Mwezi Julai, kibali kikiwa bado hai, ilimwita kwenye kikao, ikamweleza kwa maandishi kwamba kuna sababu ya kufikiria kusitisha ajira, ikamsikiliza akiwa na mwenzake aliyemchagua, kisha ikatoa uamuzi. Sheria yetu ya kazi inataka sababu halali na inataka pia utaratibu wa haki. Kukosa kibali ni sababu. Hakujawahi kuwa utaratibu. Mwajiri mwenye sababu nzuri akiruka utaratibu, ameachisha kazi isivyo halali, na atalipa.

Na notisi je? Hebu fikirini. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Ukimpa notisi wiki moja kabla ya kibali kuisha, hizo wiki tatu zinazobaki hawezi kuzifanyia kazi. Ukimwacha azifanye, umetenda kosa la jinai ndani ya notisi yako mwenyewe. Kilichobaki ni kumlipa badala ya notisi, jambo ambalo sheria inaruhusu. Kwa hiyo anayetaka notisi ifanyiwe kazi, aitoe angalau siku 28 kabla ya tarehe iliyo kwenye kibali, si kabla ya tarehe iliyo kwenye mkataba.

Shule ilimlipa mwalimu alichokifanyia kazi, likizo yake, na nauli yake. Ndiyo, nauli pia. Alikosea, lakini aliajiriwa kutoka kwao na haki ya kurudishwa haikufutwa na uzembe wake.

Kuna hali ya tatu nitaipitia haraka. Mwajiri kaomba mapema, mfanyakazi kaleta kila kitu, na Kamishna akakataa kuhuisha. Mara nyingi sababu ni mpango wa urithishaji. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeishika nafasi ile. Kwenye maombi ya kwanza aliandika jina la kijana atakayefundishwa. Miaka miwili baadaye anaulizwa: kijana amefundishwa nini? Vyeti viko wapi? Na kijana mwenyewe alishahamishiwa idara ya mauzo. Uamuzi wa Kamishna unakatiwa rufaa kwa Waziri, lakini rufaa hairudishi kibali wakati inasubiriwa. Na mkisema kukataliwa ni tukio ambalo hamkuweza kulizuia, mtaulizwa habari za yule kijana. Mwajiri aliyetekeleza mpango wake kweli, akakataliwa kwa sababu nyingine, huyo ndiye kifungu cha 56 kinamlinda hasa.

Sasa kibali kimekwisha, maombi yako mezani, majibu hayajatoka. Mfanyeje? Kwanza, kazi isimame. Pili, msimwache mtu hewani bila mshahara huku mkimwambia asubiri. Kama ana siku za likizo, kubalianeni kwa maandishi azitumie, na sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Kama hana, wekeni makubaliano ya likizo yenye malipo yote au sehemu, yenye mwanzo na mwisho. Raia anayekaa nyumbani anaweza kutafuta kazi pengine kesho yake. Mgeni hawezi. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja na kazi moja, kwa hiyo kila wiki mnayomweka nyumbani bila malipo mnamweka bila njia yoyote halali ya kupata riziki.

Tatu, na hili linasahaulika kila mara: angalieni kibali cha ukaazi. Kwa kawaida kinakwenda sambamba na cha kazi. Kikiwa nacho kimekwisha, hata kukaa kwake nyumbani Mikocheni akitazama televisheni ni tatizo. Nendeni Uhamiaji kabla ya tarehe, mkaeleze, mkaombe ruhusa ya kubaki wakati maombi yanashughulikiwa. Mwende nayo barua, msiende baada ya kukamatwa.

Kwa mikataba mipya, nawaomba muandike kifungu kinachogusa jambo hili. Nitawasomea ninachokitumia mimi, mkinakili: “Mwajiri atawasilisha maombi ya kuhuisha vibali si chini ya siku 90 kabla ya kuisha. Mfanyakazi atakabidhi nyaraka zake si chini ya siku 120 kabla ya kuisha. Vibali visipohuishwa kwa sababu isiyo ya upande wowote, mkataba huu utakoma siku kibali kinapokwisha na Mfanyakazi atalipwa stahiki zake zote hadi siku hiyo na gharama za kurudi alikoajiriwa. Visipohuishwa kwa kosa la upande mmoja, upande huo utafidia mwingine kama ilivyoainishwa hapa chini.” Kisha andikeni kiasi. Mwezi mmoja, mitatu, sita, mkubaliane wenyewe mkiwa bado mnapendana. Na andikeni mji alikoajiriwa, maana bila hivyo mtakuja kubishana nauli ni ya kwenda wapi. Siku 90 nimeziweka mimi. Zile wiki sita ni mwisho kabisa wa kuchelewa, na mkizitumia kama lengo, kiambatisho kimoja kikirudishwa mmekwisha.

Waajiri watasema, kwa nini tusiandike tu kwamba kibali kikiisha mkataba umeisha, basi? Andikeni. Lakini kifungu hicho hakitamkinga aliyesababisha kibali kiishe. Hakuna mwenye kunufaika na kosa lake mwenyewe, na wasuluhishi wetu wanalijua hilo vizuri.

Ndugu zetu wageni, neno langu la mwisho ni lenu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Nimepokea simu kutoka Nairobi, kutoka Mumbai, za watu walioondoka kwa hofu ya Uhamiaji na kukumbuka haki zao mwezi wa tatu. Wakati huo wanalazimika kwanza kuomba waongezewe muda kwa fomu ya CMA F2 na kueleza sababu ya kila siku waliyochelewa. Huna haja ya kuwa hapa mwili wako ili shauri lifunguliwe. Kabla hujapanda ndege, mpe wakili au mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi nakala ya mkataba, ya vibali vyote viwili, ya hati za mishahara ya miezi ya mwisho, na zile jumbe ulizokumbusha. Ahesabu siku zake kuanzia tarehe ya barua ya kuachishwa, usingoje ufike kwenu.

Nimemaliza. Naona dada wa mstari wa tatu amenyoosha mkono tangu nilipotaja risiti. Karibu, anza wewe na swali lako.